Visanduku Vilivyomeza ĩ na ũ

Vijitabu vya mazishi katika Kenya ya kati huchapwa mbiombio. Familia inaleta wasifu wa marehemu Jumanne, picha zinafuata kwa WhatsApp, nyimbo za Kikuyu zinanakiliwa kutoka kijitabu cha mazishi mengine, na ifikapo Alhamisi jioni faili la PDF linatakiwa kiwandani ili nakala ziwahi ibada. Hapo ndipo mtu wa familia anapoifungua PDF kwenye simu yake na kukuta jina la mama yake, Wanjikũ, limeandikwa Wanjik□. Neno rũgendo limekuwa r□gendo, na mũciĩ imekuwa m□ci□. Herufi nyingine zote zimetulia. Hata jina la mjukuu aliyebatizwa Renée liko salama na alama yake juu. Zilizopotea ni ĩ na ũ peke yake.

Anapiga simu dukani. "Kwetu inaonekana vizuri, mama," anajibiwa. Anapiga kiwandani, naye mchapishaji anasema faili lilimfikia hivyo hivyo. Cha kushangaza ni kwamba wote wawili huenda wanasema kweli. Ili kujua nani arekebishe nini, inabidi kwanza kujua kisanduku kile ni nini hasa.

Kompyuta haihifadhi herufi kwa umbo lake. Huhifadhi nambari. Katika mpango wa Unikodi, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 na ambao leo hutumiwa na karibu kila kifaa, ĩ ni nambari 0129 na ũ ni 0169. Herufi kubwa zake ni 0128 na 0168. Waraka wako wa Word umejaa nambari kama hizo. Umbo hutoka kwingine, kwenye faili la fonti, ambalo ni kama droo ya mihuri ya mpiga chapa: kila muhuri una mchoro mmoja, na juu ya droo kuna orodha inayosema nambari fulani ichukue muhuri gani. Nambari ikikosekana kwenye orodha, programu huchukua muhuri wa kwanza kabisa, ule wa nafasi ya sifuri, unaoitwa `.notdef`. Watengenezaji wengi wa fonti huuchora kama mstatili mtupu. Wengine hutia msalaba ndani yake, wengine huuacha bila chochote, na hapo herufi hutoweka ikaacha pengo tu. Wataalamu wameubandika mstatili huo jina la tofu, kwa kuwa unafanana na vipande vya ile jibini ya soya, na familia ya fonti za Google iitwayo Noto ilipata jina lake kutokana na ahadi ya kuiondoa tofu kwenye skrini.

Kwa hiyo kisanduku hakimaanishi kuwa herufi imeharibika. Kinamaanisha kuwa nambari ilifika kwenye fonti, fonti ikatafuta, ikakosa.

Lakini kwa nini é ipone na ũ ife? Sababu yake ni ya kihistoria, na inafaa kuijua kwa sababu ndiyo inayotupa dawa. Kabla ya Unikodi kuenea, seti ya herufi ya kompyuta ilikuwa na nafasi 256 tu, na seti iliyotawala kwenye Windows, ile iitwayo Windows-1252, ilipangwa kwa lugha za Ulaya ya magharibi. Humo imo é ya Kifaransa, ñ ya Kihispania, na hata ã na õ za Kireno. Yaani kiwimbi chenyewe kilikuwepo. Ila hakuna lugha kubwa ya Ulaya ya magharibi inayokiweka juu ya i na u, basi ĩ na ũ zikaachwa nje. Wachoraji wengi wa fonti, hasa za mapambo, walichora herufi za seti hiyo na kuishia hapo. Fonti hizo bado ziko kwenye kompyuta zetu na bado zinapendwa kwa majalada ya vijitabu.

Kikuyu hakiko peke yake. Kikamba na Kimeru hutumia ĩ na ũ vilevile, nazo si pambo: Kikuyu kina irabu saba, na ĩ ni irabu tofauti na i, kama ũ ilivyo tofauti na u. Wapo wanaotatua tatizo kwa kufuta viwimbi vyote na kuandika Wanjiku. Mtu akitaka kuandika jina lake hivyo ni hiari yake, na wengi huandika hivyo kwenye vitambulisho. Kumfanyia marehemu uamuzi huo kwa sababu fonti imeshindwa ni jambo jingine.

Sasa turudi kwenye duka lililosema kwao mambo ni mazuri. Word ina hisani moja ambayo watu wengi hawaijui. Ukichagua fonti isiyo na ũ, Word haikuonyeshi kisanduku. Huazima ũ kutoka fonti nyingine iliyomo kwenye kompyuta na kuiweka mahali pake kimyakimya. Kisanduku cha jina la fonti huenda kikaendelea kuonyesha fonti uliyoichagua, ilhali herufi moja imetoka kwingine. Kivinjari cha mtandao hufanya vivyo hivyo, na simu pia. Programu nyingine hazina hisani hiyo, au zinayo kwa kiasi kidogo: baadhi ya programu za kupangia kurasa ambazo wabunifu hutumia kwa majalada, baadhi ya tovuti za kugeuza mafaili, na mifumo inayotengeneza stakabadhi na vyeti yenyewe bila mtu. Waraka ule ule, ukipita kwa Word unatoka mzima. Ukipita kwingine unatoka na matobo.

Dalili ya uazimaji huonekana kwenye Word yenyewe ukiitazama kwa makini. Kuza ukurasa hadi asilimia 300 na uangalie jina kwenye jalada. Kama herufi zote zimelala kwa mwandiko wa mkono na ũ imesimama wima kama askari, au ni nene kuliko jirani zake, basi imeazimwa. Hapo hata PDF ikitoka bila kisanduku, jina litakuwa na kiraka.

Tuchukue kijitabu kimoja tukifuate hadi mwisho. Jalada lina jina la marehemu kwa fonti ya Edwardian Script ITC, ambayo wapiga chapa huipenda kwa mikia yake. Wasifu umeandikwa kwa fonti nyingine, ya kawaida. Nyimbo zimenakiliwa kutoka ujumbe wa simu na kubandikwa, nazo pia zimewekwa fonti hiyo ya wasifu. Mbunifu amechukua maandishi hayo, akayaingiza kwenye programu yake ya kupangia kurasa, akatoa PDF. Matokeo: jina kwenye jalada lina visanduku, wasifu hauna hitilafu yoyote, na kwenye nyimbo kila palipotakiwa ĩ pana i ya kawaida ikifuatwa na kisanduku, yaani i□.

Jambo la kwanza ni kutoigusa PDF. Watu wengi hufungua programu ya kuhariri PDF, wanafuta kisanduku na kujaribu kuandika ũ juu yake, na kinatokea kisanduku kingine. Si bahati mbaya. PDF inapotengenezwa, mara nyingi haibebi fonti nzima. Hubeba michoro ya herufi zilizotumika tu, ili faili liwe dogo. Hata kama fonti ya asili ingekuwa na ũ, iwapo haikutumika, mchoro wake haumo ndani ya faili. Marekebisho hufanyika kwenye waraka wa asili, kisha PDF inatolewa upya.

Jambo la pili ni kutambua kwamba jalada na nyimbo zina magonjwa mawili tofauti, ingawa dalili zinafanana. Wasifu umetoka salama kwa fonti yake, kwa hiyo tunajua fonti hiyo ina ĩ na ũ, na programu ya mbunifu inazikubali. Jalada basi ni kosa la Edwardian Script ITC. Nyimbo zimo ndani ya fonti nzuri lakini zimevunjika, kwa hiyo kosa lao limo kwenye maandishi yenyewe.

Tuanze na jalada. Ili kuthibitisha kwamba fonti haina herufi, kwenye Windows andika `charmap` sehemu ya kutafutia, fungua programu itakayojitokeza, chagua fonti, weka alama kwenye `Advanced view`, kisha kwenye `Go to Unicode` andika 0169. Herufi ikiwepo itaonyeshwa. Isipokuwepo, hutaikuta kwenye orodha ya fonti hiyo. Fanya hivyo pia kwa maandishi mazito na ya mlalo, kwa maana kila mtindo huwa na faili lake. Kuna fonti ambazo mtindo wa kawaida una herufi zote na ule mzito hauna, na hapo visanduku hutokea kwenye vichwa vya habari tu, jambo linalowachanganya wengi.

Fonti ikishathibitika kuwa haina ũ, hakuna mpangilio wowote wa Word wala wa PDF utakaoiponya. Inabidi kuibadilisha. Na hapa ndipo historia inapotusaidia. Kuna lugha moja kubwa duniani inayotumia ĩ na ũ kila siku: Kivietinamu. Herufi hizo zimo kwenye maandishi yake kuonyesha toni, na kwa kuwa wasomaji wake ni makumi ya mamilioni, wachoraji wa fonti wa siku hizi huijali. Kwa hiyo fonti inayosema inafaa Kivietinamu ina ĩ na ũ kwa lazima, kubwa na ndogo. Kwenye tovuti ya Google Fonts kuna kichujio cha lugha. Chagua Vietnamese, na orodha inayobaki yote inafaa Kikuyu, Kikamba na Kimeru. Imo hata miandiko ya mkono, kama Dancing Script, ambayo inaweza kuchukua nafasi ya ile ya jalada bila familia kulalamika kuwa uzuri umepungua. Tena ni za bure, na leseni zake huruhusu kuzipachika ndani ya PDF.

Kwa wasifu na nyimbo, Times New Roman, Arial, Calibri na Cambria zinazokuja na kompyuta za Windows zinatosha. Asiyekuwa nazo anaweza kutumia Noto Serif au DejaVu, au Gentium na Charis zilizotengenezwa na shirika la SIL, ambalo kwa miaka mingi limechora fonti kwa ajili ya lugha zenye alama nyingi.

Nyimbo sasa. Ugonjwa wake ni mgumu kuuona kwa sababu kwenye skrini ya simu zilionekana nzuri kabisa. Unikodi inaruhusu ĩ iandikwe kwa njia mbili. Ya kwanza ni herufi moja iliyokamilika, nambari 0129. Ya pili ni i ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachojitegemea, nambari 0303, ambacho kazi yake ni kupanda juu ya herufi iliyotangulia. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa fonti ni vitu viwili, na fonti inaweza kuwa na ĩ kamili bila kuwa na kile kiwimbi cha pekee. Programu erevu huunganisha i na kiwimbi na kuchukua mchoro wa ĩ. Programu isiyo erevu huchora i, kisha inatafuta kiwimbi, inakikosa, na kuweka kisanduku. Wakati mwingine kiwimbi kinapatikana lakini kinatua pembeni badala ya juu, kikaonekana kama kinamtoroka mwenye nacho. Baadhi ya kibodi za simu huandika kwa njia hii ya pili, na maandishi yaliyonakiliwa kutoka PDF nyingine pia hutoka hivyo mara kwa mara.

Jaribio lake ni rahisi. Kwenye Word weka kielekezi mara tu baada ya herufi unayoishuku na ubonyeze `Backspace` mara moja. Ikifutika herufi nzima, ilikuwa moja. Kikifutika kiwimbi tu na i ikabaki, zilikuwa mbili. Kisha rudisha kwa `Ctrl+Z`. Anayetaka uhakika zaidi abonyeze `Alt+X` badala yake: herufi itageuka nambari yake. Ukiona 0129 ni herufi kamili. Ukiona i ikifuatwa na 0303, ni vipande. Hapa pia rudi nyuma kwa `Ctrl+Z` badala ya kubonyeza `Alt+X` tena, kwa sababu neno likiwa na a, b, c, d, e au f kabla ya nambari hiyo, Word huidhani ni sehemu ya nambari na kukuletea herufi ya ajabu.

Kuzirekebisha hakuhitaji kuandika nyimbo upya. Mahali patupu kwenye waraka andika 0129 kisha `Alt+X`, utapata ĩ kamili. Fungua kisanduku cha kutafuta na kubadilisha kwa `Ctrl+H`. Kwenye `Find what` bandika ile ĩ ya vipande uliyoinakili kutoka kwenye wimbo, kwenye `Replace with` bandika ile kamili, weka alama kwenye `Match case`, ubadilishe zote. Rudia kwa ũ, yenye nambari 0169, na kwa herufi kubwa mbili. Ni mizunguko minne, si zaidi. Kwa anayeshughulika na maandishi mengi kwa kompyuta, Python hufanya kazi hiyo kwa mstari mmoja:

```
import unicodedata
safi = unicodedata.normalize("NFC", maandishi)
```

Baada ya hapo mbunifu anaingiza maandishi mapya, anaweka fonti mpya kwenye jalada, anatoa PDF. Visanduku vimekwisha kwenye kompyuta yake. Lakini bado kuna mlango mmoja ambao vinaweza kurudi kupitia, na huo ndio unaofanya duka na kiwanda vilaumiane.

PDF ilitolewa na Adobe mwaka 1993 kwa ahadi kwamba ukurasa utaonekana sawa popote. Ahadi hiyo inategemea jambo moja: fonti iwe imepachikwa ndani ya faili. Isipopachikwa, PDF hubeba jina la fonti tu, na kifaa kinachoifungua hutafuta fonti yenye jina hilo, au inayofanana nayo, kwenye hifadhi yake. Kompyuta ya duka inayo, kwa hiyo kila kitu ni kizuri. Ya kiwanda haina, inachukua nyingine, na ile nyingine haina ũ.

Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza ni kama visanduku vinaonekana kila mahali. Tuma PDF kwa simu mbili na kompyuta moja zaidi. Vikionekana kwenye vyote, kosa limo ndani ya faili na tiba ni ile tuliyoieleza. Vikionekana kwenye kifaa kimoja tu, fonti haikupachikwa. Acrobat Reader itakuambia waziwazi: bonyeza `Ctrl+D`, nenda `Fonts`. Kila jina la fonti linatakiwa kufuatwa na maneno `Embedded` au `Embedded Subset`. Lisilokuwa nayo ndilo lenye mashaka, na chini yake mstari wa `Actual Font` hukutajia fonti iliyoingizwa badala yake. Ukikuta pale juu imeandikwa fonti ya jalada lako na pale chini jina jingine kabisa, umempata mhalifu.

Kwa Word, dawa imo kwenye hatua ya kuhifadhi. Nenda `File`, `Save As`, chagua PDF, kisha kabla ya kubofya `Save` fungua `Options`. Chini kabisa kuna chaguo la `PDF/A`. Matoleo ya zamani huliandika `ISO 19005-1 compliant`. PDF/A ni aina ya PDF iliyowekewa kiwango mwaka 2005 kwa ajili ya kumbukumbu za muda mrefu, na moja ya masharti yake ni kwamba fonti zote zinazoonekana zipachikwe. Weka alama hapo. LibreOffice nayo ina chaguo la `PDF/A` kwenye dirisha la `Export as PDF`. Pale kwenye Word utaona pia `Bitmap text when fonts may not be embedded`. Chaguo hilo lipo kwa sababu baadhi ya fonti zina alama ya leseni inayokataza kupachikwa. Word hutii katazo na kugeuza maandishi hayo kuwa picha. Yatachapika, ila hayatanakilika wala kutafutika. Kwa jalada si neno. Kwa kitabu kizima, bora fonti nyingine.

Iwapo PDF ni nzuri kwenye kila skrini lakini karatasi inatoka na visanduku, mtuhumiwa ni printa na programu yake, ambayo huenda inatumia fonti zake za ndani badala ya zile za faili. Kwenye Acrobat Reader bonyeza kuchapisha, fungua `Advanced`, weka alama `Print As Image`. Kazi itakuwa ya polepole kidogo, lakini printa itapokea picha ya ukurasa na haitapata nafasi ya kuchagua fonti.

Mifumo inayotengeneza PDF yenyewe ina kesi yake. Shule hutoa ripoti, chama cha akiba hutoa stakabadhi, chuo hutoa vyeti, na jina la Mũthoni linatoka M■thoni kila mara ingawa kwenye hifadhidata limeandikwa sawasawa. Hapa mara nyingi aliyeandika programu ametumia fonti iliyokuja na maktaba ya kutengenezea PDF bila kuibadilisha. PDF tangu zamani ina fonti 14 za msingi ambazo kila kisomaji kinatakiwa kuzijua, zikiwemo Helvetica, Times na Courier, nazo kwa kawaida hutumiwa na ile ile seti ya herufi za Ulaya ya magharibi. Kwenye maktaba ya ReportLab ya Python, herufi isiyomo hutoka kama mraba mweusi. Tiba ni kuipa fonti halisi yenye herufi hizo:

```
from reportlab.pdfbase import pdfmetrics
from reportlab.pdfbase.ttfonts import TTFont
pdfmetrics.registerFont(TTFont("DejaVuSans", "DejaVuSans.ttf"))
c.setFont("DejaVuSans", 12)
```

Maandishi mazito yanahitaji faili lake, `DejaVuSans-Bold.ttf`, lisajiliwe kwa mstari wake. Na kama kwenye cheti badala ya mraba unaona MÅ©thoni, au Ä© mahali pa ĩ, usihangaike na fonti. Hapo nambari ya herufi imesomwa vibaya: ũ ilihifadhiwa kwa baiti mbili za UTF-8, na programu ikazisoma kila moja kama herufi kamili ya seti ya zamani. Fonti bora kuliko zote duniani itachora Å© kwa uzuri mkubwa, kwa kuwa ndicho ilichoombwa.

Mbinu ya Kivietinamu ina mpaka wake. Haisaidii ŋ ya Kiganda, wala ɛ na ɔ za Kilingala, wala ʉ ya Kimaasai, kwa kuwa Kivietinamu hakina herufi hizo. Kwa lugha hizo ni salama kuanza na Noto au fonti za SIL na kuzichunguza kwa `charmap`. Wanaochapa vitabu vya dini Zanzibar na Mombasa kwa maandishi ya Kiarabu yaliyogeuzwa kuwa ya Kirumi wana ḥ na ṭ zenye nukta chini. Hizo mbili zisikuhadae: ḥ ni nambari 1E25 na ṭ ni 1E6D, zimekaa mbali na ĩ na ũ kwenye orodha ya Unikodi, na fonti inaweza kuwa na jozi moja isiwe na nyingine. Kiswahili chenyewe husalimika karibu daima. Kibanzi cha ng'ombe kilichopindwa na Word, nambari 2019, kimo kwenye seti ya zamani. Kinacholeta kisanduku ni kile kinachofanana nacho, nambari 02BC, kinachoingia kwa kunakili maandishi yaliyoandikwa na wanaisimu.

Kuna hali moja isiyo na njia ya mkato. Waraka wa asili umepotea, kompyuta iliibwa au duka limefungwa, na kilichobaki ni PDF yenye visanduku. Herufi zote zilizokosekana zilichukua ule muhuri mmoja wa sifuri, kwa hiyo mara nyingi ndani ya faili kisanduku cha ĩ na kisanduku cha ũ havina tofauti tena. Nakili ukurasa mmoja na uubandike kwenye Notepad. Ukipata ĩ na ũ zimerudi, una bahati: nambari zilihifadhiwa pembeni, na unaweza kunakili maandishi yote na kuyapanga upya kwa fonti nzuri. Ukipata visanduku, alama za kuuliza au mapengo, itabidi mtu anayekijua Kikuyu akae na kurasa hizo akijaza nafasi moja baada ya nyingine. M□g□nda itampa taabu kidogo sana, kwa kuwa anajua ni mũgũnda. Majina ya watu na vijiji ndiyo ya kuulizia familia, na ni heri kuwapigia simu kabla kiwanda hakijawasha mashine.